Ujanja mmoja, mfano mmoja: picha za hesabu ya kichwa kwa wadogo zetu

Ndugu wahitimu na wanafunzi, zile picha za hesabu ya kichwa mnazijua: unatelezesha kidole kwenye simu, kila picha iko na ujanja mmoja na mfano mmoja uliofanywa mpaka mwisho. Wengi wetu hapa Mangobo tunawatumia wadogo zetu wa darasa la nne mpaka la sita, na wengine tumeanza kutengeneza za kwetu wenyewe. Kutafuta ujanja si kazi, ule unajulikana tangu zamani. Kazi ni kuchagua mfano. Nafasi iko ya mfano mmoja tu, na mtoto atauchukua ule mmoja kama ndiyo sheria yote.

Tuangalie ujanja wa 11, ambao kila mtu anaupenda. Picha inasema: chukua 45, tenganisha 4 na 5, weka jumla yao katikati. 4 na 5 ni 9, basi 11 × 45 = 495. Safi kabisa. Sasa mpe yule mtoto 11 × 78. Atatenganisha 7 na 8, atajumlisha apate 15, ataiweka katikati na kuandika 7158. Yeye hana kosa lolote kwa macho yake, amefuata picha. Ni mfano ndio ulimficha kwamba katikati panaweza kujaa.

Dawa yake si kuongeza sheria ya pili kwa maandishi madogo chini ya picha. Dawa ni kuonyesha ile jumla inatoka wapi. 11 ni 10 na 1, basi 11 × 45 ni 450 + 45. Ziandike moja juu ya nyingine: 4 ya chini inakaa chini ya 5 ya juu, ndiyo sababu zinakutana katikati. Na 11 × 78 ni 780 + 78. Pale mtoto anaona mwenyewe kwamba 8 na 7 ni 15, 5 inabaki, 1 inapanda, jibu 858. Kama iko nafasi ya mfano mmoja, weka 78, acha 45. Mtoto aliyeelewa 78 atafanya 45 bila kuuliza, lakini kinyume chake hapana. Na anayo namna ya kujipima: mara 10 ingekuwa 780, sasa mara 11 itafika namna gani 7158?

Kutoa 9 ni picha ya haraka zaidi: toa 10, rudisha 1. Pale kosa ni moja tu, nalo ni la upande. Mtoto anafanya 83 toa 10 ni 73, halafu anatoa tena 1, anapata 72, kwa sababu neno "toa" bado liko kichwani mwake. Andika kwenye picha "umetoa nyingi, rudisha 1", na jibu 74. Maneno yale yanafanya kazi kuliko mshale wowote. Tena, picha hii ifanyeni kwa Kiswahili. Kwa Kifaransa cha shule 80 inaitwa "ishirini nne", na mtoto akitoa kumi lazima abadilishe jina lote. Kwa Kiswahili chetu anasema makumi nane na tatu, anapunguza kumi moja, inabaki makumi saba na tatu. Hesabu imeshafanywa mdomoni.

Sasa picha ambayo ningeipa muda kuliko zote: chenji. Picha nyingi zinaonyesha 1 000 − 648 na zinasema "zote kutoka 9, ya mwisho kutoka 10". 9 toa 6 ni 3, 9 toa 4 ni 5, 10 toa 8 ni 2, jibu 352. Sababu yake ni nzuri: 1 000 ni 999 na 1. Ukitoa kwenye 999 hukopi popote, halafu ile 1 unairudisha mwishoni.

Lakini sokoni kwetu nani anauza kitu falanga 648? Bei zetu zinaishia na 50 au na 00. Tuseme mama amenunua kwanga, samaki na mafuta kidogo, jumla 3 650, na ametoa noti ya 10 000. Mtoto anafuata picha: 9 toa 3 ni 6, 9 toa 6 ni 3, 9 toa 5 ni 4, na ya mwisho, 10 toa 0 ni 10. Ameshika 6, 3, 4 na 10, na hajui aziandike namna gani. Sheria ilipaswa kusema "ya mwisho ambayo si 0", na 0 za nyuma zinabaki vile ziko. Ukifanya hivyo, 5 ndiyo inatolewa kwenye 10, na jibu ni 6 350.

Kuna shimo lingine. 10 000 − 850: mtoto anafanya 9 toa 8 ni 1, 10 toa 5 ni 5, 0 inabaki, anasema 150. Amesahau kwamba 850 mbele ya 10 000 inasimama kama 0850, na ile 0 ya mbele nayo inatolewa kwenye 9. Jibu ni 9 150. Kosa linajulikana mara moja ukijumlisha: 150 na 850 ni 1 000, si 10 000. Falanga 9 000 mama amezipoteza pale.

Kwa sababu hiyo, mimi picha ya kwanza ya chenji ningeiweka kwa namna ya mama wa soko, kupanda kutoka bei mpaka noti. Kutoka 3 650, weka 50, umefika 3 700. Weka 300, umefika 4 000. Weka 6 000, umefika 10 000. Chenji ni 50 na 300 na 6 000, yaani 6 350. Hakuna 9, hakuna kukopa, na kila hatua ni noti inayowekwa mkononi: ya 50, halafu ya 200 na ya 100, halafu ya 5 000 na ya 1 000. Ujanja wa 9 uje kwenye picha ya pili, kwa yule anayetaka kwenda mbio.

Ya kuandika ni machache. Elfu zetu tunazitenga kwa nafasi, 10 000, kama shuleni. Picha za Kiingereza zinaandika 10,000, na mtoto wetu anaisoma kumi nukta sifuri. Tena kwenye WhatsApp watu wanatuma picha moja moja, bila kufuata mpango. Picha inayosema "kama tulivyoona juu" imekufa ikifika peke yake.

Chini ya kila mfano acheni hesabu moja bila jibu, na ile hesabu ndiyo itawaambia nini kimeingia. Kwa picha ya 11 ningeweka 11 × 67. Akileta 737, endelea na picha nyingine. Akileta 6137, basi ameshika umbo la picha tu: mrudishe kwenye 670 + 67, azipange moja juu ya nyingine kwa mkono wake, kwenye karatasi.