Mapigo ya moyo ya mama mjamzito: namba ipi ya kumpigia mkunga simu

Mama mwenye mimba ya miezi saba akihesabu mapigo ya moyo wake asubuhi na kupata 94 kwa dakika, mara nyingi hana tatizo lolote, hata kama kabla ya mimba alizoea kupata 72. Moyo wa mjamzito huenda mbio zaidi, na huanza mapema kuliko watu wengi wanavyodhani, tumbo likiwa bado halijaonekana. Homoni za mimba hulegeza mishipa ya damu, presha inashuka kidogo, na moyo unafidia kwa kupiga mara nyingi zaidi. Baadaye damu yenyewe huongezeka. Inapofika karibu wiki ya 32, mama anaweza kuwa na damu zaidi ya ile ya kawaida kwa karibu nusu, na yote hiyo moyo ule ule mmoja ndio unaoizungusha.

Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2020 uliwafuatilia wajawazito wenye afya njema, wakipimwa mara kwa mara. Katika wiki ya 12, mama wa katikati ya kundi alikuwa na mapigo 82. Yakapanda polepole hadi 91 kwenye wiki ya 34, kisha yakashuka kidogo kuelekea kujifungua. Lakini kinachonigusa zaidi ni tofauti kati ya mama na mama: kwenye wiki hiyo ya 34 walikuwepo wazima kabisa wenye mapigo 68, na wengine wazima vile vile waliokaribia 115. Ndiyo maana kujilinganisha na jirani hakusaidii. Kipimo chenye maana ni mapigo yako ya leo yakilinganishwa na yako mwenyewe ya wiki chache zilizopita. (Namba ya 140 ambayo mkunga huitaja baada ya kusikiliza tumbo ni ya mtoto, na kwake ni sawa; moyo wa mtoto hupiga kati ya 110 na 160.)

Kujipima hakuhitaji mashine. Asubuhi, kabla ya chai na kabla ya kazi, kaa kwenye kiti dakika 5 au 10 bila kuongea sana. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, mpaka usikie mshipa unagonga. Usitumie kidole gumba, kwa sababu kina mpigo wake. Hesabu dakika nzima. Wengi huhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, lakini ukikosea mapigo mawili tu, jibu linakosewa kwa manane, na mpigo unaorukaruka unaweza kukupita. Mimba ikishapita nusu, usipime ukiwa umelala chali, kwa kuwa mji wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Kaa, au lala ubavu wa kushoto. Saa za kisasa za mkononi zinafaa kuonyesha mwelekeo, ila zikikupa namba ya ajabu, ihakikishe kwa vidole. Andika tarehe, wiki ya mimba na namba, hata nyuma ya daftari la kliniki. Mara moja kwa wiki inatosha.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 26, mimba ya tatu. Ameandika 78 wiki ya 16, 84 wiki ya 22, 88 wiki ya 27. Wiki ya 29 anapata 108. Anapumzika nusu saa, anahesabu tena, anapata 106. Hana maumivu, ila siku hizi akipanda ngazi anatafuta pumzi. Anampigia mkunga.

"Shikamoo, sista. Moyo wangu unaenda mbio hata nikiwa nimekaa."

"Marahaba, mama. Una homa? Umetapika au kuharisha? Umeona damu? Kuna dawa yoyote mpya unayotumia?"

Kila swali lina kazi yake. Joto la mwili likipanda, mapigo hupanda nalo, kwa makadirio 10 kwa kila nyuzi moja, hivyo malaria au maambukizi ya njia ya mkojo huweza kujitokeza hivyo. Kutapika kunakausha maji ya mwili. Dawa ya pumu, na hata baadhi ya dawa za presha, huuharakisha moyo. Hizo usiziache mwenyewe, zitaje tu. Mama huyu anajibu hapana kwa yote, mkunga anamwambia aje siku hiyo hiyo. Malaria haionekani, mkojo ni safi, presha nzuri. Wingi wa damu ni 7.8, wakati mjamzito anatakiwa awe na 11 hivi. Alikuwa ameacha vidonge vya kuongeza damu kwa sababu vinamfungia choo, na siku alizomeza, alimezea chai, ambayo huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Anaongezewa dozi, anaelekezwa avimeze kwa maji au juisi ya machungwa, anapewa dawa ya minyoo, na tarehe ya kurudi kupima damu. Wiki ya 33 damu imefika 9.1 na mapigo ni 95. Hayakurudi 88, wala hayakutarajiwa kurudi, kwani huo ndio msimu wa kilele.

Kwa hiyo, ukipata zaidi ya 100 mara mbili, nusu saa ikipita katikati, umepumzika, na si kawaida yako, piga simu siku hiyo hiyo. Mimi ningepiga pia kama yamepanda kwa 20 ndani ya wiki moja au mbili, hata yakiwa chini ya 100. Yakizidi 120 na hayatulii, usingojee kurudishiwa simu. Nenda hospitali yenye huduma ya uzazi, hata usiku. Chini ya 50 pamoja na kizunguzungu, piga simu. Moyo kuruka pigo moja kisha ukaendelea ni jambo la kawaida kwenye mimba, lakini mbio zinazoanza ghafla na kudumu dakika kadhaa zinahitaji kuchunguzwa.

Kuna dalili ambazo hazisubiri namba: maumivu ya kifua, kuzimia, kutokwa damu, homa ya nyuzi 38, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kushindwa kupumua ukilala hadi uegemee mito. Hiyo ya mito naisisitiza. Mama aliyewahi kuugua homa ya baridi yabisi utotoni anaweza kuwa na valvu iliyobana bila kujua. Moyo ukienda mbio, damu inakosa muda wa kupita kwenye valvu hiyo, inarudi nyuma na kujaa mapafuni, na mara nyingi shida hiyo hujitokeza mimba inapovuka miezi sita.

Baada ya kujifungua mapigo yanatakiwa kushuka. Yakipanda badala yake, kwanza fikiria damu. Mwili wa mama kijana huishikilia presha muda mrefu huku damu ikipotea, kwa hiyo presha inaweza kusomeka vizuri wakati mapigo tayari ni 115. Wauguzi wengi hulinganisha namba hizo mbili: mapigo yakikaribia au kuipita presha ya juu, kwa mfano mapigo 110 na presha ya juu 105, ni hatari hata kama pedi haijalowa, maana damu huweza kukusanyika ndani. Siku zinazofuata, moyo kwenda mbio pamoja na homa au uchafu wenye harufu huashiria maambukizi. Na kama ndani ya miezi mitano tangu kujifungua moyo unakimbia, miguu inavimba upya na kulala chali kunakata pumzi, mwambie daktari waziwazi kwamba umejifungua karibuni, ili aupime moyo wenyewe na asiishie kwenye dawa ya kikohozi.