Anasoma Kiswahili lakini polepole mno? Huenda ni disleksia

Mwalimu akimweleza mzazi wa Meru au Embu kwamba mwanawe hajui kusoma Kiingereza, jibu huwa tayari: "Mbona Kiswahili anasoma? Huo ni uvivu." Jibu hilo laweza kumkosesha mtoto msaada.

Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Herufi a ni a popote iwapo. Katika Kiingereza, herufi o-u-g-h zikifuatana hutamkwa hivi katika neno moja na vingine katika jingine. Mwaka wa 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wa Ulaya waliomaliza mwaka wa kwanza wa shule. Wale wa Kifini na Kigiriki walisoma sawasawa zaidi ya maneno 90 katika kila 100. Wale wa Kiingereza, huko Skotilandi, walisoma kama 34 tu.

Hata hivyo, tahajia rahisi haiondoi disleksia. Mwenye hali hii hupata taabu kutenga sauti za neno na kuziunganisha na herufi. Mwaka wa 2001 Eraldo Paulesu na wenzake walichunguza ubongo wa watu wazima wenye disleksia, Waitaliano, Wafaransa na Waingereza. Wote walionyesha udhaifu katika sehemu ile ile ya upande wa kushoto, ingawa Waitaliano, ambao tahajia yao ni nyoofu, walisoma vizuri zaidi. Katika lugha kama hiyo mtoto hakosei sana, bali hujikokota.

Kwa hivyo, mzazi, pima mwendo pia. Mpe kifungu kigeni cha Kiswahili, asome kwa sauti dakika moja, nawe uhesabu maneno sahihi. Chini ya mpango wa Tusome, ulioanza 2015, msomaji hodari wa madarasa ya chini alitarajiwa kufikisha maneno 45 ya Kiswahili, au 65 ya Kiingereza, kwani maneno ya Kiswahili ni marefu. Tuseme wako yuko darasa la nne na amefikisha 15, akisoma "wa-na-ku-ja" silabi kwa silabi. Mpe sasa neno la kubuni, kama "temubiko". Aliyezoea kukariri maneno atakwama hapo.

Lakini usichanganye disleksia na lafudhi. Mtoto wa Embu akiandika "rara" badala ya "lala", au "ndada" badala ya "dada", anafuata ulimi wa nyumbani, na kosa lake halibadiliki. Mwenye disleksia huruka silabi, na neno moja huliandika hivi leo na vile kesho.

Lugha ya mama nayo ina mtego. Kimeru na Kiembu zina irabu saba, ndiyo sababu huandikwa kwa ĩ na ũ pia. Alama hizo zikiachwa, herufi i hubeba sauti mbili, na tahajia iliyokuwa nyoofu hupinda. Mwandikie mtoto alama zote.

Kwanza apimwe macho na masikio. Yakiwa salama na mwendo bado ni duni, mwombe mwalimu akuelekeze kwenye kituo cha serikali cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalum.