Kubadilisha rangi ya nywele kwenye foto bila kuharibu mng'ao: kwa nini nywele nyeusi zinatushinda

Leo nataka tuongelee kazi moja ambayo wengi wetu tunaombwa kila wiki, hasa siye wenye ordinatere nyumbani: «Kaka, nibadilishie rangi ya nywele kwenye hii foto.»

Dada mmoja tuliyemaliza naye lisansi alikuwa anajiandaa kwa harusi ya mdogo wake. Alitaka kusuka rasta za bordo, ile meshi yenye namba 99J, lakini hakuwa na hakika kama itapendeza na ngozi yake. Meshi ikishafunguliwa hairudishwi dukani, na kusuka rasta ni kazi ya siku nzima. Kwa hiyo alinitumia foto yake ya rasta nyeusi, iliyopigwa hapa Rugenge asubuhi, na akaniomba nimuonyeshe bordo ingekuwaje. Nikaifanya kwa dakika kumi. Jibu lake: «Kaka, mbona uso yangu imekuwa nyekundu vile? Na nywele iko kama kofia ya plastiki.»

Alisema kweli. Nikarudi kutafuta kosa, na kosa lenyewe lilinifundisha kitu.

Njia ya majani haifai kwa nywele

Siye wa agronomia tunajua maski za rangi kutoka shambani. Unapiga foto ya shamba la mihogo kutoka juu, unaambia programu ichague kila kitu cha kijani, halafu unahesabu majani yanafunika sehemu gani ya udongo. Maski ni picha ya kijivu inayofuata foto: penye nyeupe badiliko linaingia, penye nyeusi haliingii, penye kijivu linaingia nusu. Aina ya rangi, ile ambayo programu zinaandika `Hue`, inapimwa kwa digrii kwenye duara: nyekundu 0, kijani 120, buluu 240. Jani lenye nyekundu 80, kijani 130 na buluu 50 liko karibu digrii 98. Udongo mwekundu wenye 140, 90 na 60 uko karibu 22. Umbali ni mkubwa, kwa hiyo maski inatoka safi.

Mimi nikafanya vile vile kwa nywele. Sasa angalia namba za ile foto. Ngozi ya shavu: 150, 100, 75. Hiyo ni digrii 20. Unywele: 28, 25, 24. Hiyo ni digrii 15. Yaani ngozi na nywele ziko karibu fasi moja kwenye duara! Programu ikichukua nywele, inachukua na uso.

Na kuna ubaya zaidi. Kwenye pikseli nyeusi, hizo digrii hazina nguvu. Chukua ile ile 28, 25, 24, badilisha kidogo tu iwe 28, 24, 25: digrii zinaruka kutoka 15 hadi 345. Ikiwa 26, 25, 28, zinafika 260, ambayo ni buluu inayoelekea zambarau. Jicho halioni tofauti yoyote, zote ni nyeusi. Lakini maski inazitenga, na njo maana inatoka na matundu kama shuka iliyoliwa na panya. Foto ya telefone inaongeza shida, kwa sababu JPEG kwa kawaida inahifadhi mwanga kwa kila pikseli lakini rangi inaihifadhi kwa uchache, mara nyingi thamani moja kwa pikseli nne. Unywele mmoja mmoja uko ndani ya mwanga, si ndani ya rangi.

Maski mbili badala ya moja

Kumbe suluhisho ni kugawa kazi. Mwanga utuchoree unywele mmoja mmoja, na rangi ifanye kazi moja tu ya kukataza ngozi. Mimi natumia GIMP 2.10 kwa sababu ni ya bure.

Kwanza, nakili tabaka la foto mara mbili. Kwenye nakala ya kwanza nenda `Colors > Components > Extract Component` na uchague `RGB Red`. Kwa nini nyekundu? Kwa sababu kwenye ngozi yetu kanali nyekundu ndiyo inayong'aa zaidi: ngozi 150, nywele 28. Kwenye buluu ni 75 na 24 tu, pengo ni dogo. Halafu `Colors > Invert`: nywele zinakuwa 227, karibu nyeupe, na ngozi 105. Kisha `Colors > Levels`, weka mwanzo 120 na mwisho 215. Ngozi inazama nyeusi, nywele zinabaki nyeupe, na vile vinywele vidogo vya kwenye paji la uso vinabaki kijivu. Usiviguse vile vya kijivu! Unywele mwembamba kuliko pikseli unachanganyika na kilicho nyuma yake, na kijivu ndiyo kipimo cha huo mchanganyiko. Ukivuta `Levels` mpaka kila kitu kiwe nyeupe au nyeusi, ndipo unapata ile kofia ya plastiki.

Maski hii peke yake bado inadanganyika na kivuli. Chini ya kidevu ngozi ilikuwa 60, 38, 28. Kanali nyekundu inaona giza, inadhani ni nywele. Hapa njo rangi inatusaidia, lakini si `Hue`. Ni ukolevu, yaani rangi imekolea kiasi gani. Ngozi hata kivulini imekolea: kile kivuli kina asilimia 53. Nywele nyeusi zina asilimia 14 tu. Kwa hiyo kwenye nakala ya pili toa `HSV Saturation`, igeuze kwa `Invert`, weka `Levels` 130 na 205. Halafu iparuze kidogo kwa `Gaussian Blur` ya pikseli 3, kwa sababu kwenye giza ukolevu nao unatetemeka. Kuiparuza hakuharibu kitu: unywele umeshachorwa na maski ya kwanza.

Weka nakala ya pili juu ya ya kwanza kwa hali ya `Multiply`. Panapobaki nyeupe ni pale tu ambapo maski zote mbili zimekubaliana. Nyusi, mboni za macho na nguo nyeusi zitabaki ndani, hizo unazifuta kwa mkono na brashi nyeusi. Namba nilizotoa ni za foto ile. Kwenye yako, pima ngozi, kivuli na nywele kwanza kwa kile kifaa cha kuchota rangi.

Kupaka rangi

Tengeneza tabaka jipya, lijaze bordo, mimi nilianza na 110, 20, 45, na ulipe ile maski. Hali ya tabaka iwe `LCh Color`. Hali hii inachukua rangi kutoka juu na mwanga kutoka chini, kwa hiyo kila mkunjo wa rasta unabaki.

Utaona karibu hakuna kilichobadilika. Ni kawaida: kitu cheusi sana hakiwezi kuonyesha rangi. Inabidi kwanza uinue mwanga wa nywele zenyewe kwa `Curves`, kwenye nakala ya foto yenye maski ile ile: thamani 25 iende karibu 55, lakini 5 ibaki 5, na kuanzia 150 kwenda juu pasisogee. Ile 5 ni giza lililo kati ya rasta na rasta. Ukiinua na hilo, kichwa kinakuwa bapa.

Sasa mng'ao. Mwaka 2003 Steve Marschner na wenzake walionyesha kwa vipimo kwamba unywele unarudisha mwanga kwa njia kadhaa. Mng'ao wa kwanza unatoka juu ya ganda la unywele na una rangi ya taa au jua, si rangi ya nywele. Wa pili unapita ndani ya unywele kwanza, njo unabeba rangi yake. Kwenye nywele nyeusi ule wa pili karibu wote unamezwa. Kwa hiyo ile mistari mieupe iliyokuwa kwenye rasta, asubuhi jua likitoka upande wa ziwa, haipaswi kugeuka bordo kabisa. Na bahati nzuri, maski yetu imeshaiacha: penye mng'ao mkali kanali nyekundu iko juu, kwa hiyo maski ni nyeusi. Lakini nyeusi kabisa inaonekana kama chumvi imemwagwa. Nilipitisha brashi nyeupe yenye nguvu ya asilimia 30 juu ya hiyo mistari, ikapata rangi kidogo, ikatulia.

Kuhakikisha

Bonyeza `Alt` na ugonge picha ndogo ya maski, uione peke yake. Ukiona umbo la pua au midomo ndani yake, bado ngozi inaingia. Halafu ongeza ukubwa mpaka asilimia 200 na uangalie sehemu tatu: mstari wa paji la uso, nyuma ya sikio, na chini ya kidevu. Kosa likiwepo, linajificha hapo.

Kitu cha mwisho hakitoki kwenye ordinatere, kinatoka saluni. Rasta za meshi ya rangi zinashikwa kwenye nywele za asili, na hizo ni nyeusi. Karibu na kichwa lazima weusi uonekane, halafu bordo inachukua nafasi polepole. Ukipaka mpaka kwenye ngozi ya kichwa, kila mama anayesuka atajua foto ni ya uongo. Nilipunguza maski kwenye mizizi, na mistari ya kugawa nywele ikabaki rangi ya ngozi.

Mipaka iko. Foto ile ile haikuweza kwenda kwenye namba 27, ile ya asali. Nywele zake karibu zote zilikuwa kati ya thamani 10 na 50, yaani hatua 40 tu. Ukizivuta zifike kati ya 60 na 220, kila hatua inakuwa ruko la 4, na unaona madoa na ngazi badala ya nywele. Hapo bora upige foto upya kwenye mwanga mwingi kuliko kulazimisha.

Na bordo ya 110, 20, 45 ilikuwa ni ya kichwani mwangu, si ya pakiti. Kwa hiyo dada alienda dukani, akaomba kushika pakiti ya 99J kando ya shavu lake pale mlangoni penye mwanga, akapiga foto, na mimi nikachota rangi kutoka hapo. Ilikuwa nyeusi zaidi kuliko niliyomwekea. Kwenye foto ya pili bordo ilionekana tu pale jua linapogusa. Akaitazama muda mrefu, akasema: «Sasa hii njo mimi.» Akanunua meshi.