Kufuli Lisilouliza Kila Siku: Nenosiri la Programu Dhibiti kwenye Mac za Zamani (Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu iliyopita tulieleza jinsi FileVault inavyoisimba diski ya Mac, ili mwizi akiichomoa asiambulie kitu. Leo tunashuka ngazi moja chini, kwenye kufuli linalofanya kazi kabla diski yenyewe haijaguswa. Wengi hawajui kama mashine yao inalo. Hata waliolifunga kwa mikono yao husahau, na sababu ya kusahau kwao imo katika namna kufuli lenyewe lilivyoundwa.

Nianze na mwalimu mmoja wa Morogoro ninayemfahamu. Mwaka 2013 alinunua dukani, Dar es Salaam, MacBook Pro mpya ya inchi 13, toleo la katikati ya 2012. Mwaka uliofuata wizi ulizidi mtaani kwao, naye akaamua kuweka nenosiri la programu dhibiti. Aliwasha mashine huku ameshikilia Command na R, akaingia kwenye sehemu ya uokozi, akafungua menyu ya Utilities, akachagua Firmware Password Utility, akaandika neno lake mara mbili. Kazi ya dakika tatu. Tangu siku hiyo mashine iliwaka kila asubuhi bila kumuuliza neno hilo hata mara moja. Kilichoulizwa ni nenosiri lake la kawaida la kuingilia. Miaka mitano ikapita hivyo.

Mwaka 2019 diski ikafa. Fundi akaweka diski mpya, akachomeka flashi yenye macOS, akawasha mashine ameshikilia Option ili achague flashi hiyo. Badala ya orodha ya diski, kioo kikaonyesha picha ya kufuli na kisanduku cha kuandikia. “Mwalimu, hapa panataka nenosiri,” fundi akasema. Mwalimu akaandika la kuingilia, likakataliwa. Akaandika la barua pepe, likakataliwa. Ndipo akakumbuka kwamba aliwahi kuweka neno jingine, lakini lenyewe halikumjia.

Hapa ndipo penye mafundisho. Mac ya Intel inapopata umeme, kinachoamka kwanza si macOS. Ni programu dhibiti, ambayo kwa mashine hizi huitwa EFI, nayo imehifadhiwa ndani ya chipu ndogo iliyochomelewa kwenye ubao mkuu. EFI ndiyo inayokagua vifaa na kuamua mfumo uwake kutoka diski ipi. Ukiiacha ifuate mazoea, yaani iwashe kutoka diski uliyokwisha kuichagua, haina swali nawe. Nenosiri hudaiwa pale tu mtu anapotaka kuipindua kutoka kwenye mazoea hayo: kushika Option achague diski nyingine, au Command na R aingie kwenye uokozi. Njia nyingine, kama ile ya Command, Option, P na R ya kufuta mipangilio iliyohifadhiwa, hazifanyi kazi tena kama zamani.

Ukitazama orodha hiyo utaona kwamba ni zilezile njia ambazo mwizi angezitumia kuifuta Mac na kuiuza ikiwa safi. Kwa hiyo kufuli hili haliyafichi mafaili yako. Mtu akifungua kwa bisibisi mashine kama ile ya mwalimu na kuitoa diski, ataisoma kwenye kompyuta nyingine, isipokuwa kama uliisimba kwa FileVault. FileVault huzilinda data, na nenosiri la programu dhibiti huilinda mashine isigeuzwe kuwa ya mtu mwingine. Ni kazi mbili tofauti, na moja haiwezi kushika nafasi ya nyingine.

Sasa, kwa nini mwalimu hakuweza kusaidiwa na fundi wake pale pale? Jibu linahitaji turudi nyuma kidogo, kwenye Mac za PowerPC na Mac za kwanza za Intel zilizotoka kuanzia 2006. Kwenye mashine hizo kufuli lilikuwa na mlango wa nyuma uliojulikana na kila fundi. Ulizima mashine, ukatoa au kuongeza kijiti kimoja cha RAM, ukawasha huku umeshikilia Command, Option, P na R mpaka mlio wa kuwaka usikike mara tatu. Nenosiri likafutika. Inaelekea hoja ya waliobuni ilikuwa kwamba anayeweza kuifungua mashine na kugusa RAM yake bila shaka ni mwenyewe, au ni fundi aliyetumwa na mwenyewe. Isitoshe, nenosiri lenyewe lilihifadhiwa kwa kificho chepesi mno. Aliyekuwa na mamlaka ya msimamizi ndani ya mfumo aliweza kuliomba litokee, na kila herufi ilikuwa imegeuzwa kwa kanuni moja isiyobadilika. Herufi `m`, kwa mfano, ilitokea kama `%c7`, na mtu mwenye karatasi na kalamu angeirudisha kuwa `m`.

Naiona hoja ile ya RAM kuwa dhaifu tangu mwanzo. Mwizi aliyeichukua kompyuta mpakato nyumbani kwako ana usiku mzima wa kuifungua kwa bisibisi. Kuanzia MacBook Air ya mwishoni mwa 2010, na Mac nyingine za 2011, mlango ule ukafungwa. Kubadilisha RAM hakusaidii tena. Ndiyo maana ushauri wa mafundi wa zamani, ambao bado unapita mdomo kwa mdomo, hauna faida kwa mashine ya 2012. Fundi wa Morogoro aliujaribu mara nne, na kufuli likabaki pale pale.

Kilichowekwa mahali pa mlango ule ni utaratibu mwingine kabisa. Mbele ya kile kisanduku cha nenosiri, ukibonyeza kwa pamoja Shift, Control, Option, Command na S, mashine huonyesha msimbo wa herufi na tarakimu 33. Zile 17 za mwanzo ni namba ya ubao mkuu. Zilizobaki zinahusiana na nenosiri lililowekwa wakati huo, ingawa nenosiri lenyewe halimo. Fundi aliyeidhinishwa na Apple huutuma msimbo huo kwa Apple, naye hurudishiwa faili dogo liitwalo `SCBO`. Faili hilo huwekwa kwenye flashi, mashine huwashwa kwa Option, na EFI hulisoma. Likikubalika, nenosiri hufutwa.

Nguvu ya faili hilo iko kwenye sahihi yake ya kidijitali. Apple husaini kwa ufunguo wa siri ambao haumo ndani ya mashine yoyote. EFI inao ufunguo mwenza tu, unaotosha kuhakiki sahihi lakini hauwezi kuitengeneza. Mwaka 2016 mtafiti wa usalama Pedro Vilaça aliufungua utaratibu huu na kuuchunguza, kwa sababu kulikuwa na watu wakiuza mafaili ya `SCBO` na uvumi kwamba yanaweza kughushiwa. Alionyesha kwamba bila ule ufunguo wa Apple kughushi hakuwezekani, na kwamba faili la mashine moja halifungui nyingine. Ukibadilisha herufi chache za namba ya ubao ndani ya faili, sahihi inaharibika, na EFI inalikataa.

Basi tazama mambo yalivyohama. Zamani, swali la nani ni mwenye mashine lilijibiwa na bisibisi. Sasa hakuna kitu ndani ya mashine kinachoweza kulijibu. Anayejua nenosiri ni mwenyewe, na asiyelijua ni mgeni, awe amesahau au ameiba. Mashine haina namna ya kuwatofautisha hao wawili, maana wote hufika mbele ya kufuli wakiwa na mikono mitupu. Apple nayo, kabla ya kusaini, inahitaji ushahidi kutoka nje ya mashine. Ushahidi inaoutaka ni risiti au ankara halisi ya ununuzi, nayo huletwa pamoja na mashine, mkononi, kwenye duka la Apple au kwa mtoa huduma aliyeidhinishwa. Kuijua namba ya utambulisho ya mashine peke yake hakutoshi, kwani namba hiyo imechapwa chini ya kompyuta na mwizi anaisoma kama wewe.

Mwalimu alikuwa na risiti, lakini ilikuwa ya karatasi laini ile inayochapwa kwa joto. Miaka sita kwenye droo ilikuwa imeifuta, na kilichobaki ni kivuli cha nembo. Hili huwapata wengi kwetu, kwa kuwa risiti nyingi za mashine za kodi ni za karatasi hiyo. Ilimbidi arudi Dar es Salaam kwa muuzaji na kumwomba nakala ya ankara kwenye kumbukumbu zake. Bahati yake, duka lilikuwa bado lipo, na ankara ilikuwa na jina lake, tarehe, na namba ya utambulisho ya mashine. Hiyo namba ndiyo iliyokuwa na uzito, kwani risiti iliyoandikwa tu “kompyuta 1” haimwambii mtu ni kompyuta ipi. Baada ya hapo kilichobaki kilikuwa kazi ya msimbo na flashi kwa fundi aliyeidhinishwa, na nenosiri lilipofutwa, diski mpya ikawekewa mfumo jioni hiyohiyo.

Wako mafundi wanaoifungua chipu ya EFI kwa kifaa cha kuiandika upya. Kwa mashine za umri ule linawezekana, lakini kosa dogo hufuta namba ya utambulisho au huua ubao mzima, na fundi huyo hakuulizi risiti, aliyemletea mashine awe mwenyewe au mwizi. Kwa Mac zenye chipu ya T2, tutakazozieleza sehemu ijayo, njia hiyo imezibwa. Mac za kuanzia mwishoni mwa 2020 zinazotumia chipu za Apple zenyewe hazina kabisa nenosiri la aina hii.

Kama Mac yako ya Intel bado inawaka vizuri, unaweza kujua leo kama imefungwa. Fungua Terminal, uandike:

```
sudo firmwarepasswd -check
```

Ikijibu `Password Enabled: Yes`, kufuli lipo. Kama unadhani unalikumbuka neno, lihakiki kwa `sudo firmwarepasswd -verify` kabla diski haijakulazimisha. Kuliondoa ni `sudo firmwarepasswd -delete`, na hapo pia utadaiwa neno la zamani, hata kama wewe ndiye msimamizi wa mfumo. Anayeuza mashine yake na aliondoe kabla ya kuikabidhi.

Anayenunua Mac ya Intel iliyotumika, Kariakoo au kwingineko, asiridhike kuiona ikiwaka na kufungua picha, kwa sababu mashine iliyofungwa huwaka vivyo hivyo. Aizime kabisa, aiwashe ameshikilia Option, asubiri. Zikitokea diski za kuchagua, iko wazi. Likitokea kufuli lenye kisanduku cha kuandikia, muuzaji aandike nenosiri na kuliondoa pale pale, au aonyeshe ankara ya kwanza yenye namba iliyo chini ya mashine, kabla pesa haijatoka mfukoni.