Ankara imekwama kwa kukosa namba ya LPO? Andika ombi linalojibika

WAKULIMA na wafanyabiashara wadogo wa Kahama, Msalala, Nyang'hwale na Geita wanaopeleka mayai, mboga, mchele au glavu kwenye migodi na kwa makandarasi wake wanalijua vizuri jibu hili fupi kutoka ofisi ya uhasibu: "Ankara yako imerudishwa, haina namba ya LPO." Mzigo umeshapokelewa, pengine umeshaliwa, lakini fedha haitoki.

Tangu kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini zilipotungwa mwaka 2018, kampuni za uchimbaji zinatakiwa kutoa kipaumbele kwa bidhaa na huduma za Watanzania. Mlango huo umewaingiza wauzaji wengi waliozoea biashara ya mkono kwa mkono, mzigo huku na fedha huku. Mgodi haulipi hivyo. Unalipa kwa karatasi tatu kukubaliana.

Karatasi ya kwanza ni LPO, yaani hati ya mnunuzi inayosema anataka nini, kiasi gani na kwa bei ipi. Ya pili ni kumbukumbu ya stoo kwamba mzigo umepokelewa. Ya tatu ni ankara ya muuzaji. Mhasibu anapoingiza ankara kwenye kompyuta, anaanza kwa kuandika namba ya LPO. Kompyuta humfungulia agizo lile pamoja na kiasi kilichopokelewa stoo, kisha hulinganisha na ankara. Bila namba hiyo hana ukurasa wa kufungua. Hata kama anamfahamu muuzaji na mayai yenyewe ameyala kantini, hana pa kuiandika ankara ile. Ndiyo maana kumlaumu mhasibu hakusaidii kitu, na ndiyo maana pia ombi la namba halipaswi kwenda kwake kwanza. Namba hutolewa na kitengo cha ununuzi.

Chukua mfano wa mfugaji wa kuku wa Kahama aliyepeleka trei 200 za mayai kwa kampuni ya chakula inayohudumia kambi ya mgodi, kwa bei ya Sh. 8,500 kila trei. Ankara yake namba 0147 inadai Sh. 1,700,000. Agizo alipewa kwa simu, akaambiwa "LPO inakuja kwenye barua pepe". Haikuonekana. Wiki mbili baadaye ankara inarudi, naye anatuma ujumbe huu:

"Habari bosi. Naomba mnisaidie malipo yangu ya mayai nimesubiri sana na watoto wanadaiwa ada. Mtandao wenu unakataa, naomba mnitumie ile namba tena. Asante na kazi njema."

Ujumbe una adabu na shida iliyomo ni ya kweli. Lakini mtazame anayeusoma. Huyu mnunuzi anahudumia wauzaji wengi, na wauza mayai kati yao ni zaidi ya mmoja. Hajui ni mzigo wa lini, ankara ipi, wala "ile namba" ni namba gani. Ili ajibu, itabidi aulize maswali matatu au manne. Ujumbe unaohitaji maswali manne husubiri kesho, na kesho yake.

Kuna kasoro nyingine isiyoonekana haraka, nayo imo katika neno "tena". Muuzaji anaomba atumiwe tena kitu ambacho hana hakika kama kilishawahi kutumwa. Tofauti hiyo ni kubwa. Ikiwa LPO ilifunguliwa ikapotelea njiani, pengine kwa sababu anwani ya barua pepe iliyosajiliwa ni ya kijana wa intaneti kafe aliyeifungua zamani, mnunuzi anahitaji dakika mbili tu kuituma upya. Ikiwa haikufunguliwa kabisa, yaani agizo liliishia kwenye simu, basi tatizo si barua. Mnunuzi atatakiwa kuomba kibali cha kufungua hati baada ya mzigo kupokelewa, jambo ambalo kampuni nyingi hulikataza au hulitaka maelezo ya maandishi kutoka kwa wakubwa. Kwa hiyo ombi zuri huuliza yote mawili kwa wakati mmoja, kwa upole, ili jibu lolote litakalokuja liwe na faida.

Kabla ya kuandika, mfugaji wetu angefanya vema kutazama nakala ya hati ya kupelekea mzigo iliyosainiwa stoo. Hapo ndipo lilipo jambo lililomponyoka: mtunza stoo aliandika kwa kalamu "trei 196", kwa sababu nne zilivunjika njiani. Ankara inadai trei 200. Maana yake ni kwamba hata angepata namba siku hiyo hiyo, ankara ingegoma mara ya pili, safari hii kwa idadi. Trei 196 kwa Sh. 8,500 ni Sh. 1,666,000. Tofauti ya Sh. 34,000 ingeweza kuzuia fedha yote.

Sasa anaandika upya. Kichwa cha barua pepe kinabeba kila kitu cha kutafutia, kwa kuwa wanunuzi wengi husoma vichwa kwenye simu wakiwa njiani: "OMBI LA NAMBA YA LPO: ankara 0147, mayai, yaliyopokelewa 12 Machi 2024". Kisha barua yenyewe:

"Ndugu, habari za kazi. Tarehe 12 Machi 2024 nilileta mayai kwenye stoo ya kambi kwa agizo ulilonipa kwa simu tarehe 8 Machi. Stoo ilipokea trei 196 (nakala iliyosainiwa nimeambatanisha). Ankara yangu namba 0147 imerudishwa na uhasibu kwa kuwa haina namba ya LPO, na mimi sijaipata hati hiyo. Naomba unitumie namba ya LPO na nakala yake kwa anwani hii. Kama haikufunguliwa, naomba unijulishe na unieleze ni nani wa kufuatilia. Nikiipata, nitaleta ankara iliyosahihishwa ya Sh. 1,666,000 siku hiyo hiyo. Namba yangu ya usajili wa muuzaji na simu ziko hapa chini. Asante."

Barua ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza, lakini kuijibu ni kazi nyepesi zaidi. Ombi ni moja na linatajwa kwa jina lake. Sababu ni ya kiofisi, "uhasibu wameirudisha kwa kuwa haina namba", na mnunuzi anaielewa mara moja kwa sababu na yeye hukumbana nayo kila mwezi. Ada ya watoto haimo. Si kwamba haina uzito, bali mnunuzi hawezi kuiingiza popote. Kushukuru na kusalimia kumebaki, maana huku Usukumani barua isiyo na salamu huonekana ya kugombana, ila salamu ni sentensi moja.

Nakala ya barua hiyo ipelekwe pia kwa uhasibu na kwa mtunza stoo. Uhasibu wataona kwamba suala linafuatiliwa, na mtunza stoo, akiwa bado hajaingiza mzigo kwenye kompyuta kwa sababu naye hakuwa na namba, atajua ni mzigo upi unaosubiri.

Namba ikija, itazamwe kabla ya kuandikwa popote. Katika programu ya SAP, inayotumiwa na kampuni nyingi kubwa duniani, namba ya LPO kwa kawaida ina tarakimu 10 na mara nyingi huanzia na 45, wakati ombi la ndani la kununua huwa na namba yake nyingine, mara nyingi inayoanzia na 10. Kila kampuni inaweza kuwa na mpangilio wake, lakini kosa la kupewa namba ya ombi la ndani badala ya LPO ni la kawaida. Dalili yake ni kwamba namba imeletwa kwa ujumbe wa simu bila hati. Ndiyo sababu barua imeomba nakala, si namba peke yake. Nakala huonyesha pia jina la muuzaji, bei, na mstari wa bidhaa. Kwenye SAP mistari hiyo huandikwa 10, 20, 30 na kuendelea, na LPO moja ya mwezi mzima inaweza kuwa na mayai mstari wa 10 na vitunguu mstari wa 20. Ankara itaje namba ya LPO pamoja na mstari.

Wapo wauzaji ambao, wakichoka kusubiri, huandika namba ya LPO ya mwezi uliopita. Hapo wanajiongezea tatizo. Kompyuta itafungua agizo la zamani ambalo fedha yake imeshakwisha, au mbaya zaidi, italila salio lililokuwa la mzigo mwingine, na wa mwezi huu ubaki bila pa kudaiwa.

Jambo jingine la kuepuka ni kuchanganya ombi hili na taarifa ya kubadilisha akaunti ya benki. Matapeli hutumia njia hiyo hiyo, barua ya "ankara imekwama, na tafadhali tumieni akaunti mpya", kwa hiyo kampuni makini huisimamisha barua ya namna hiyo mpaka ihakikiwe. Mwenye akaunti mpya aandike barua nyingine, siku nyingine, kwa utaratibu wa kampuni.

Ankara iliyosahihishwa ibaki na namba ile ile, 0147, endapo uhasibu waliirudisha bila kuiingiza. Ikipewa namba mpya huku ya zamani ikiwa bado inazunguka kwenye meza za watu, itaonekana kama madai mawili kwa mzigo mmoja. Kwa muuzaji mwenye mashine ya EFD ni tofauti kidogo: risiti ikishatoka haifutwi kwa kalamu, kwa hiyo idadi ihakikishwe na stoo kabla ya kuipiga.

Kwa waliosajiliwa VAT, ucheleweshaji huu una gharama inayohesabika. Muuza glavu na buti wa Geita aliyetoa ankara ya Sh. 10,000,000 anaongeza VAT ya asilimia 18, yaani Sh. 1,800,000. Kodi hiyo inaingia kwenye ritani ya mwezi wa mauzo, ambayo mwisho wake TRA ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama mgodi haujalipa shilingi. Na zile siku 30 za malipo zilizoandikwa kwenye mikataba mingi huanza kuhesabiwa siku ankara sahihi ilipopokelewa, si siku mzigo ulipopita getini. Ankara iliyorudishwa baada ya wiki mbili na kukaa wiki nyingine ikisubiri namba inaanza upya kutoka sifuri.

Barua ikikaa siku mbili za kazi bila jibu, piga simu, na uwe na namba ya ankara na tarehe mkononi. Simu isipopokelewa, ujumbe mfupi unatosha: "Habari za kazi. Ni muuza mayai, ankara 0147, mzigo wa 12 Machi, trei 196. Bado nasubiri namba ya LPO, barua pepe nilituma Jumatatu. Asante." Ukitumwa asubuhi, kabla mnunuzi hajaingia vikaoni, una nafasi nzuri ya kujibiwa siku hiyo hiyo. Kampuni nyingi hulipa kwa mafungu katika siku maalumu na hufunga vitabu mwisho wa mwezi, hivyo ni vizuri kuuliza siku hizo mapema, ili namba isije ikapatikana siku moja baada ya fungu kuondoka.