Mzunguko wa friji kwenye chati ya shinikizo na entalpia

Mzunguko wa friji wa kugandamiza mvuke ni njia ya kuhamisha joto kutoka mahali pa baridi kwenda mahali pa joto kwa kutumia kipozeo, yaani gesi ya friji, kinachochemka na kugeuka tena kimiminika ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ndio unaofanya kazi katika friji nyingi za nyumbani, vyumba baridi vya dawa na nyama, na viyoyozi.

Mzunguko huo una vifaa vikuu vinne: kivukizi, kompresa, kondensa na vali ya kutanua. Fundi huuchora kwenye chati ya shinikizo na entalpia ili aone hali ya kipozeo kila kinapotoka katika kifaa kimoja na kuingia katika kingine. Makala hii inaeleza jinsi ya kupata nukta hizo nne kwa vipimo, kwa mfano wa chumba baridi kilichopo Itigi, mji wa Wilaya ya Manyoni katika Mkoa wa Singida, Tanzania. Itigi iko kwenye Reli ya Kati, katika kimo cha takriban mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Kimo hicho hubadilisha namna ya kusoma geji, kama inavyoelezwa hapa chini.

## Chati yenyewe

Mstari wa kusimama wa chati huonyesha shinikizo (pia: kanieneo), na mstari wa kulala huonyesha entalpia, yaani kiasi cha nishati kilichobebwa na kila kilogramu ya kipozeo, kwa kJ/kg. Katikati kuna umbo la kuba. Upande wa kushoto wa kuba kipozeo ni kimiminika kitupu, upande wa kulia ni mvuke mtupu, na ndani yake ni mchanganyiko wa vyote viwili.

Ndani ya kuba shinikizo na halijoto hufungamana: ukijua kimoja, kingine kimekwisha kujulikana. Kwa kipozeo cha R134a, shinikizo la 201 kPa daima huenda na -10 °C, na shinikizo la 1,017 kPa huenda na 40 °C. Kwa sababu hiyo geji na kipimajoto kwa pamoja vinatosha kuipata nukta iliyo nje ya kuba, lakini havitoshi kwa nukta iliyo ndani yake. Huko vyote viwili husema jambo lilelile, wala havionyeshi ni sehemu gani ya kipozeo imekuwa mvuke.

## Kutoka geji hadi chati

Shinikizo linaloandikwa kwenye chati ni shinikizo kamili, linalohesabiwa kuanzia ombwe. Geji ya fundi haipimi hivyo. Sindano yake husimama kwenye sifuri inapokuwa wazi hewani, kwa hiyo huonyesha tu kiasi ambacho shinikizo la ndani ya bomba limezidi lile la hewa ya mahali hapo. Ili kuingia kwenye chati, ni lazima kujumlisha shinikizo la hewa.

Dar es Salaam, kwenye usawa wa bahari, hewa ina shinikizo la karibu 101 kPa. Itigi, kwa sababu ya kimo chake, ni karibu 87 kPa. Hivyo kivukizi cha R134a kinachochemka kwa -10 °C kitaonyesha 100 kPa kwenye geji iliyoko Dar es Salaam, lakini 114 kPa kwenye geji hiyohiyo ikiwa Itigi. Kipozeo ni kilekile na baridi ni ileile. Kilichobadilika ni hewa iliyo nje ya geji.

Fundi wa Itigi akijumlisha 101 kwa mazoea atapata 215 kPa, na chati itamwambia kuwa kipozeo kinachemka kwa karibu -8 °C. Amekosea kwa nyuzi mbili hivi. Kosa hilohilo hutokea akisoma duara la halijoto lililochapwa usoni mwa geji, kwa kuwa duara hilo hutengenezwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Upande wa shinikizo kubwa kosa ni dogo mno, kama nusu nyuzi, kwa sababu 14 kPa si kitu mbele ya 1,017. Kwenye friza inayochemka kwa -25 °C kosa huzidi nyuzi mbili na nusu.

## Nukta nne: mfano wa Itigi

Mfano ni chumba baridi kidogo kinachotumia R134a na vali ya kutanua, ambacho hewa yake ya ndani ni 5 °C. Vipimo ni hivi: geji ya shinikizo dogo 114 kPa, geji ya shinikizo kubwa 930 kPa, bomba linalotoka kwenye kivukizi 0 °C, bomba linalotoka kwenye kompresa 70 °C, bomba la kimiminika linalotoka kwenye kondensa 35 °C. Baada ya kujumlisha 87, mashinikizo kamili ni 201 kPa na 1,017 kPa. Mistari miwili ya kulala huchorwa kwenye chati katika viwango hivyo.

Nukta ya 1, kutoka kwenye kivukizi. Kwa 201 kPa kipozeo huchemka kwa -10 °C, lakini bomba lina 0 °C. Kipozeo kimekwisha kuchemka chote, kisha kikapata nyuzi 10 za joto la ziada. Nukta iko upande wa kulia wa kuba, na entalpia yake ni karibu 401 kJ/kg. Joto hilo la ziada ni kinga ya kompresa, ambayo hutengenezwa kwa ajili ya kugandamiza mvuke na huvunjika ikimezeshwa kimiminika.

Nukta ya 2, kutoka kwenye kompresa. Kwa 1,017 kPa na 70 °C, entalpia ni karibu 452 kJ/kg. Kama kompresa ingekuwa kamilifu, isiyopoteza wala kupokea joto, nukta ingepanda kwa kufuata mstari wa entropia isiyobadilika hadi karibu 437 kJ/kg na 56 °C. Tofauti kati ya 437 na 452 ni kazi iliyopotea kwa msuguano na uvujaji ndani ya kompresa.

Nukta ya 3, kutoka kwenye kondensa. Kwa 1,017 kPa mvuke hugeuka kimiminika kwa 40 °C, na bomba lina 35 °C. Kimiminika kimepoa nyuzi 5 zaidi, kwa hiyo nukta iko kushoto mwa kuba, kwa 249 kJ/kg.

Nukta ya 4, kutoka kwenye vali ya kutanua. Nukta hii iko ndani ya kuba, kwa hiyo haiwezi kupatikana kwa geji na kipimajoto. Hupatikana kwa hoja. Kipozeo hupita kwenye tundu jembamba la vali bila kufanya kazi yoyote na bila nafasi ya kupokea joto, hivyo entalpia yake haibadiliki. Mstari huteremshwa wima kutoka nukta ya 3 hadi kwenye mstari wa 201 kPa, na nukta ya 4 inapatikana kwa 249 kJ/kg ileile. Mahali hapo chati huonyesha kuwa karibu asilimia 30 ya kipozeo imekwisha kuwa mvuke kabla ya kuingia kwenye kivukizi. Sehemu hiyo ilichemka ili kukipoza kimiminika kilichobaki, kwa hiyo haitavuta tena joto la chumba kwa kuchemka.

## Hesabu inayotokana na nukta

Kila urefu wa kulala kwenye mchoro ni kiasi cha nishati. Kutoka nukta ya 4 hadi ya 1, kila kilogramu ya kipozeo huvuta 401 − 249 = 152 kJ kutoka chumbani. Kutoka nukta ya 1 hadi ya 2, kompresa huongeza 452 − 401 = 51 kJ. Kutoka nukta ya 2 hadi ya 3, kondensa hutoa nje 452 − 249 = 203 kJ, ambayo ni jumla ya 152 na 51. Jumla hiyo ikikataa, kuna namba iliyosomwa vibaya.

Ufanisi wa mzunguko ni 152 ÷ 51, yaani karibu 3. Chumba kinachohitaji kuondolewa joto la kilowati 2 kitahitaji kuzungusha gramu 13 hivi za kipozeo kila sekunde, na kompresa itafanya kazi ya karibu kilowati 0.67. Umeme wa feni na upotevu wa mota havimo katika hesabu hiyo.

Namba za entalpia hutegemea mahali ambapo mchora chati ameweka mwanzo wa hesabu. Hapa kimiminika cha 0 °C kimepewa 200 kJ/kg. Chati nyingine huanzia kwingine, kwa hiyo haifai kusoma nukta moja kwenye chati hii na nyingine kwenye chati ile. Chati ya kipozeo kimoja pia haitumiki kwa kingine. Friji nyingi mpya za nyumbani zina R600a, gesi inayowaka moto, ambayo huchemka kwa -10 °C chini ya shinikizo la 108 kPa tu.

## Hitilafu zinavyoonekana kwenye mchoro

*Kondensa iliyozibwa na vumbi.* Joto haliondoki vizuri, basi mstari wa juu hupanda. Ikiwa katika mfano huu utafika 50 °C, shinikizo kamili litakuwa 1,318 kPa, na geji ya Itigi itaonyesha karibu 1,231. Kwa upoaji uleule wa nyuzi 5, nukta za 3 na 4 husogea kulia hadi 264 kJ/kg, na nukta ya 2 hufika karibu 460 kJ/kg na zaidi ya 80 °C. Sasa kila kilogramu huvuta kJ 137 badala ya 152, na kompresa hutumia kJ 59 badala ya 51. Ufanisi hushuka kutoka 3 hadi 2.3. Chumba hupoa kidogo kuliko awali huku umeme ukiliwa zaidi.

*Kipozeo kimepungua kwa kuvuja.* Mistari yote miwili hushuka. Kivukizi huishiwa kimiminika mapema, hivyo nukta ya 1 husogea mbali kulia na joto la ziada huongezeka. Nukta ya 3 hurudi kulia mpaka kuigusa kuba, na mapovu huonekana kwenye kioo cha bomba la kimiminika.

*Vali iliyoziba.* Nayo hushusha mstari wa chini na kuongeza joto la ziada, kwa hiyo geji ya shinikizo dogo peke yake haiwezi kuitofautisha na uvujaji. Kinachotofautisha ni nukta ya 3. Vali ikiziba, kimiminika hurundikana kwenye kondensa na kupoa zaidi, na nukta hiyo husogea kushoto. Fundi anayeongeza gesi kabla ya kupima bomba la kimiminika hujaza kipozeo mahali ambapo hakikupungua. Vali ikisafishwa baadaye, gesi iliyozidi hurundikana kwenye kondensa na kuupandisha mstari wa juu.

Katika kutambua hitilafu hizi, makosa ya nyuzi mbili yana uzito. Mtambo wa mfano huu una joto la ziada la nyuzi 10, lakini aliyejumlisha 101 badala ya 87 ataliona kuwa ni nyuzi 8. Akiibana vali ili kurudisha nyuzi 10 alizozikusudia, ataupunguzia kivukizi kipozeo ambacho kilikuwa kinatosha.