Daftari la usingizi: wiki moja inavyosema

Kila asubuhi, ndani ya nusu saa ya kuamka, andika mambo matatu: saa uliyolala, saa uliyoamka, na alama ya 1 hadi 5 ya jinsi ulivyopumzika. Kadiria tu, kuchungulia saa usiku hufukuza usingizi.

Chukua mfano wa mwalimu. Jumatatu hadi Ijumaa analala saa 5 usiku na kuamka saa 11 alfajiri: saa 6. Mwishoni mwa wiki analala saa 7 usiku na kuamka saa 3 asubuhi: saa 8. Wastani, kama saa 6 na nusu, unaficha jambo. Kitovu cha usingizi wake kimehama kutoka saa 8 usiku hadi saa 11 alfajiri. Ndiyo maana Jumapili usiku hasinzii, na Jumatatu alama yake ni 2. Dawa ni kuamka mapema mwishoni mwa wiki na kulala mapema siku za kazi.

Lakini ukilala saa 8 kila siku, alama zikabaki chini na unakoroma sana, mpelekee daktari daftari hilo: huenda pumzi inakatika usingizini.